Jioni 26 za Kupasua Mtihani wa ISTQB: Maneno Niliyowaambia Watesti Wenzangu

Habari za jioni jamani. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja, wengine bado mmeshika mabegi, kwahiyo sitawazungusha. Nimeombwa niongee na nyie mnaojiandaa na mtihani wa ISTQB ngazi ya msingi, ule wa cheti cha kutesti programu unaitwa CTFL, alafu niongee hasa na wale ambao mchana wote ni wa mwajiri na mnachobaki nacho ni jioni tu. Mi nilikuwa hivohivo. Na niseme mapema kabisa ili msije mkadhani nawaongelea nikiwa juu, mara ya kwanza nilifeli. Nilipata 24 kati ya 40, na pasi ni 26. Maswali mawili tu ndugu zangu. Ningefeli kwa 10 nisingeumia vile.

Na sikufeli kwa uvivu. Kila jioni nilikuwa nakaa. Nilikuwa na noti nilizopewa na mtu, nikaanza ukurasa wa kwanza, nikawa nasoma mpaka nikichoka nafunga, kesho naendelea nilipoishia. Nilipofika katikati nikawa nimeshasahau mwanzo, narudi nyuma, naanza tena, si mnajua ile. Sura ya kwanza niliisoma labda mara tano, sura ya tano niliigusa siku mbili za mwisho usiku wa manane. Na zile noti, nilikuja kugundua baadaye, zilikuwa za silabasi ya zamani.

Kwahiyo leo naongelea kitu kimoja tu, namna ya kuchukua ile silabasi rasmi yenyewe na kuigeuza iwe ratiba ya jioni. Silabasi ipo bure kabisa kwenye tovuti ya ISTQB, ni PDF, toleo la 4.0 lilitoka 2023, na kabla hujafanya chochote hakikisha toleo ulilonalo ndo hilohilo la mtihani uliobuki. Watu wengi wanaifungua mara moja, wanaona kurasa nyingi, wanaifunga wanatafuta video. Mi nasema video baadaye. Ile PDF ina ratiba tayari ndani yake, ila haijaandikwa "ratiba".

Angalieni. Kila sura, pale juu kwenye kichwa, kuna dakika zimeandikwa. Sura ya 1 dakika 180, ya 2 dakika 130, ya 3 dakika 80, ya 4 dakika 390, ya 5 dakika 335, ya 6 dakika 20. Ukijumlisha unapata 1135, ambayo ni kama saa 19 hivi. Hizo ni dakika za chini kabisa ambazo mwalimu wa kozi iliyoidhinishwa anatakiwa atumie darasani. Sasa wewe huna mwalimu, huna mtu wa kumuuliza ukikwama, na umeshafanya kazi siku nzima, kwahiyo mi nasema zidisha mara mbili. Hiyo mara mbili haijaandikwa popote, ni makadirio yangu mimi na ya wenzangu kadhaa waliopita njia hii, na imetukaa vizuri. Unapata dakika 2270. Jioni moja weka dakika 90, usijidanganye na saa tatu, kwa mtu aliyetoka kazini hiyo saa ya tatu anakuwa anaangalia ukurasa tu hasomi. 2270 gawa kwa 90 ni 25 na kitu, yaani jioni 26.

Jioni nne kwa wiki, Jumatatu mpaka Alhamisi, hizo ni wiki sita na nusu. Ongeza wiki mbili za moki. Kwahiyo ukibuki mtihani, buki mwisho wa wiki ya tisa, usibuki wiki ya nne kwa sababu mwenzako kazini alisema yeye alisoma wiki tatu, yeye labda alikuwa likizo.

Sasa hapo watu wengi wanaishia, wanagawa jioni kwa dakika wanaanza. Ngoja kwanza, kuna jedwali la pili, halipo ndani ya silabasi, lipo kwenye hati nyingine ya ISTQB inayoeleza muundo wa mtihani, na linaonyesha kila sura inatoa maswali mangapi. Sura ya 1 maswali 8, ya 2 maswali 6, ya 3 maswali 4, ya 4 maswali 11, ya 5 maswali 9, ya 6 maswali 2. Jumla 40, kila swali pointi moja. Weka haya majedwali mawili pembeni kwa pembeni ndo utaona kitu. Sura ya 4 inakula dakika 390 inakupa pointi 11, yaani kila pointi inakugharimu kama dakika 35. Sura ya 5 ni dakika 37 kwa pointi. Lakini sura ya 1 ni dakika 22 na nusu tu kwa pointi, na sura ya 3, ile ya kupima bila kuendesha programu, ni dakika 20. Sura ya 1, 2 na 3 kwa pamoja zinakupa pointi 18 kwa muda unaolingana na sura ya 4 peke yake, 390 kwa 390, hesabuni wenyewe.

Hii haina maana uache sura ya 4 na ya 5, ukiziacha umefeli, pointi 20 zipo huko. Ina maana kwamba zile pointi 18 za bei rahisi hutakiwi kupoteza hata tatu. Mi nilipofeli nilipoteza sita huko kwenye rahisi, kwa sababu nilikuwa naona "haya mambo nayafanya kila siku kazini".

Niwaeleze ya dada mmoja nafanya naye kazi, simtaji jina hajaniruhusu, ila ratiba yake kaniruhusu. Ana watoto wawili, wanalala saa mbili na nusu, kwahiyo jioni yake inaanza saa tatu kasoro robo inaisha saa nne na robo. Tulikaa naye tukagawa hivi. Sura ya 1 jioni nne. Sura ya 4 jioni tisa. Sura ya 5 jioni saba na nusu, ile nusu iliyobaki tukampa sura ya 6 maana ni fupi mno. Sura ya 2 jioni tatu, sura ya 3 jioni mbili. Nne na tisa na nane na tatu na mbili, ni 26.

Mmeona mpangilio sio moja mbili tatu nne. Alianza na ya 1 kwa sababu maneno yote yanaanzia pale, alafu akaruka moja kwa moja kwenye ya 4. Sababu ni kwamba sura ya 4 ni ya kufanya kwa mkono, na kitu cha mkono kinahitaji kurudiwa kidogokidogo kwa wiki nyingi, ukikiweka mwisho hupati muda wa kukirudia. Ya 2 na ya 3 ni za kukumbuka na kuelewa zaidi, hizo zikikaa karibu na mtihani zinabaki zikiwa za moto. Kuna watu wanabisha hapa, wanasema silabasi imepangwa kwa mpangilio wake uheshimiwe. Sawa, wenye likizo waheshimu.

Tuje kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo kiini cha yote, zile herufi K. Silabasi imevunja kila sura kuwa malengo ya kujifunzia, na kila lengo lina namba yake, mfano FL-4.2.2, na mbele yake kuna K1, K2 au K3. K1 ni kukumbuka, K2 ni kuelewa, K3 ni kutumia, yaani upewe kisa ufanye. Kwenye mtihani wa maswali 40, manane ni K1, 24 ni K2, na manane ni K3. Alafu sasa hesabu malengo ya K3 kwenye silabasi nzima. Yako manane. Matano yapo sura ya 4, matatu yapo sura ya 5. Maswali manane, malengo manane! Kwahiyo hayo manane hayana kubahatisha, unajua kabisa unakwenda kukutana na nini: kugawa makundi sawa, thamani za mpaka, jedwali la maamuzi, mabadiliko ya hali, kutunga testi kutoka kwenye vigezo vya kukubali kazi, kukadiria muda wa kutesti, kupanga testi ipi itangulie, na kuandika ripoti ya hitilafu.

Na angalia kitenzi kwenye lengo. Kama limesema "eleza", hutaulizwa kukokotoa. Mfano mzuri ni zile testi za kuangalia ndani ya kodi, za sentensi na za matawi. Kwenye hili toleo zote ni K2, kitenzi ni "eleza". Mi nilitumia jioni tatu nzima nachora michoro ya matawi ya kodi na kuhesabu, najiona mhandisi kwelikweli, na mtihani haukuniuliza hata moja ya kuhesabu. Jioni tatu hizo zingenipa zile pointi mbili. Dada yangu yule alizipa jioni moja tu zikaisha.

Sasa hizi K ndo zinakuambia jioni ipi ufanye nini. Wewe unajua wiki yako, kuna siku unatoka umechoka mpaka jina lako unasahau, kwetu sisi ilikuwa Jumatatu na siku ya kutoa rilisi. Siku hiyo usijipe K3. Jipe K1 na maneno ya msingi. Siku ukiwa na nguvu kidogo ndo ya K3. Yeye alikuwa na karatasi moja ukutani, malengo yote ya wiki yameandikwa na K yake, akifika mezani anaangalia hali yake anachagua, sharti ni moja tu, mpaka Alhamisi yote ya wiki yawe yamekatwa. Ratiba inayosema "Jumanne saa tatu lengo fulani" kwa mtu wa jioni huwa haifiki wiki ya pili, mi nimeona nyingi.

Ngoja niwaonyeshe jioni moja kwa karibu, ile ya FL-4.2.2, thamani za mpaka, maana hapo ndipo noti za zamani ziliponiua.

Dakika 15 za kwanza hafungui kitu. Anachukua karatasi tupu anaandika kile alichosoma jana, kugawa makundi sawa, kwa kichwa. Kisichokuja anakiwekea alama, alafu ndo anafungua kuangalia. Baada ya hapo anasoma kile kipande cha silabasi, na ni kifupi, nusu ukurasa hivi, anakisoma taratibu mara mbili. Alafu anajitungia kisa. Alitunga hiki: fomu inapokea umri kuanzia 18 mpaka 60, namba nzima tu.

Makundi yako matatu, 17 kushuka chini, 18 mpaka 60, na 61 kupanda. Mipaka ni 17, 18, 60 na 61. Njia ya thamani mbili inasema kwa kila thamani ya mpaka chukua yenyewe na jirani yake wa kundi la pili. 17 jirani yake 18, 18 jirani yake 17, kwahiyo unabaki na 17, 18, 60, 61. Vitu vinne. Hapo hamna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye njia ya thamani tatu. Silabasi ya sasa inasema kwa kila thamani ya mpaka chukua yenyewe na majirani zake wote wawili. Sasa 17 nayo ni thamani ya mpaka, ni mpaka wa kundi la chini, kwahiyo inaleta 16, 17, 18. Ya 18 inaleta 17, 18, 19. Ya 60 inaleta 59, 60, 61. Ya 61 inaleta 60, 61, 62. Ukifuta zinazojirudia unabaki na 16, 17, 18, 19, 59, 60, 61, 62. Nane. Silabasi ya 2018 ilikuwa inahesabu tatu chini na tatu juu, yaani kwa kisa hikihiki ungepata 17, 18, 19, 59, 60, 61. Sita.

Mnaona hatari yake? Swali linakuja hivi, timu imeshatesti 17, 18, 19, 60 na 61, je wamefunika asilimia ngapi kwa njia ya thamani tatu. Mwenye noti mpya anasema tano kati ya nane, 62.5. Mwenye noti za zamani anasema tano kati ya sita, 83. Na amini usiamini mtunga swali anajua hilo, atakuwekea zote mbili kwenye machaguo. Mi nilichagua yangu kwa furaha kabisa, nikaenda swali linalofuata nikipiga mluzi moyoni.

Mtu akikuuliza kwanini ujisumbue na tatu wakati mbili zinatosha, silabasi inatoa mfano mtamu. Sharti linatakiwa liwe x ndogo au sawa na 10, programa akakosea akaandika x sawa na 10 tu. Ukitesti 10 inapita, ukitesti 11 inakataa kama inavyotakiwa, hitilafu hujaiona. Ukitesti 9 ndo inaonekana. Yule dada mfano huo aliuandika kwa mkono wake alafu akaurudia kwa kisa chake cha umri, na mpaka leo ukimuuliza anakueleza bila kufikiri.

Dakika 15 za mwisho za jioni hiyo anatunga swali moja la kuchagua, na majibu manne, na yale matatu ya uongo lazima kila moja liwe na sababu ya mtu kulichagua. Hii inauma kichwa lakini ukishatunga jibu la uongo wewe mwenyewe, ukikutana nalo kwenye mtihani unalicheka.

Sura ya 5 nisiende ndani sana, ila mambo mawili ya K3 huko yanadanganya watu. Moja ni makadirio ya pointi tatu. Unapewa makadirio ya matumaini, ya kawaida, na ya mabaya kabisa, na fomula iko hivi:

```
E = (a + 4m + b) / 6
SD = (b - a) / 6
```

Tuseme siku 4, siku 7, siku 16. 4 jumlisha 28 jumlisha 16 ni 48, gawa kwa 6 ni siku 8. Kupishana kwake ni 12 gawa kwa 6, siku 2, kwahiyo kazi itaangukia kati ya siku 6 na 10. Ukiwa umechoka utajumlisha zile tatu utagawa kwa tatu utapata 9, na 9 itakuwepo pale inakusubiri. Hii ifanye kila wiki mara moja kwa namba mpya, dakika tatu tu, mpaka siku ya mtihani. Ndo ile faida ya kuwahi.

Ya pili ni ripoti ya hitilafu. Sisi tunaandika ripoti kila siku, kwahiyo tunapita haraka. Lakini kazini mfumo unajaza wenyewe toleo, unajaza mazingira, unajaza tarehe na jina lako, wewe unaandika kichwa na hatua unabofya tuma. Kwenye mtihani unapewa ripoti unaulizwa nini kimekosekana ili programa aweze kuirudia hiyo hitilafu, na kile kilichokosekana mara nyingi ndo kile ambacho kwako kinajazwa na mashine. Dada yule kwenye moki ya kwanza alikosa swali hilo, mtu ana miaka sita anaandika ripoti! Dawa yake ilikuwa jioni moja kuandika ripoti nzima kwenye karatasi kwa kalamu, kila sehemu, matokeo yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, toleo, mazingira, ukubwa wa madhara, kila kitu.

Kuna hili la maneno ya msingi, watu wanalipita kabisa. Mwanzo wa kila sura, kabla hata ya malengo, kuna orodha ya maneno. Silabasi inasema wazi kwamba maana ya hayo maneno utatakiwa uikumbuke hata kama hakuna lengo linaloyataja. Yaani ni maswali halali. Ukichukua mfano tofauti ya kosa, hitilafu na kushindwa: kosa anafanya mtu, hitilafu inabaki kwenye kodi au kwenye hati, kushindwa kunatokea programu ikiendeshwa. Kazini yote tunaita "bagi" na maisha yanaenda. Mtihanini ukichanganya umeliwa. Haya maneno ndo chakula cha zile jioni mbovu, jioni ambayo umeme umekatika au mtoto anaumwa, unachukua maneno kumi kwenye simu unayapitia, na hiyo jioni usiihesabu kuwa imepotea.

Na jioni zitapotea, tusidanganyane. Kwenye jioni 26 yule dada alipoteza tano kabisa, mbili kwa sababu ya rilisi, tatu kwa mafua. Utaratibu aliojiwekea ni kwamba jioni iliyopotea haisukumi ratiba nzima mbele. Inakwenda Jumamosi, na Jumamosi hakuna kitu kingine kilichopangwa, ipo kwa ajili ya madeni tu. Kama huna deni unapumzika. Kosa langu mimi nilikuwa nalipa deni kesho yake, yaani nafanya jioni mbili kwa moja, dakika 180, keshokutwa nimechoka napoteza nyingine, deni linazaa deni. Ukifikisha madeni matatu kwa wiki moja basi wiki hiyo haikuwa ya kusoma, irudie yote, na kama kituo chako kinaruhusu kusogeza tarehe isogeze mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

Baada ya jioni ya 26 zinakuja zile wiki mbili. ISTQB wametoa seti nne za mitihani ya mfano kwa toleo hili, A, B, C na D, bure, na majibu yake yamefafanuliwa moja moja na kila swali limeandikwa linatoka lengo gani. Sasa nawaomba, msiziguse mapema! Najua hamu ipo, unataka ujipime wiki ya pili, alafu ukifika mwisho huna moki safi, unakumbuka majibu unapata 38 unajiona fundi. Seti A inaruhusiwa ukimaliza sura ya 4 na ya 5, tena maswali ya sura hizo tu. Nyingine ziache.

Wiki ya kwanza ya moki, Jumatatu fanya seti B, dakika 60 kwenye saa, simu iko chumba kingine. Jumanne hufanyi moki, unasahihisha. Na kusahihisha maana yake sio kuhesabu umepata ngapi. Unachukua daftari, kila swali ulilokosa unaandika namba ya lengo lake na sababu kwa maneno machache: sikujua, nilijua nikachanganya, au nilisoma swali vibaya. Na lile ulilopata kwa kubahatisha nalo andika, hilo ndo baya kuliko yote. Seti B yule dada alipata 27. Kapita, sio? Lakini alikuwa na ya kubahatisha manne, kwahiyo kiukweli alikuwa na 23. Ukiangalia daftari lake, kati ya yale 13 aliyokosa, matano yalikuwa "nilisoma vibaya", na karibu yote yalikuwa yale maswali yanayouliza lipi SIO sahihi, au yanayotaka uchague majibu mawili akachagua moja. Hilo halitibiwi kwa kusoma zaidi. Alianza kuzungushia neno "sio" na neno "mawili" kabla hajasoma machaguo, seti C akapata 32, ya kubahatisha moja. Jumatano na Alhamisi zilikuwa za kurudi kwenye yale malengo yaliyoandikwa kwenye daftari tu, hakuna kusoma sura nzima upya. Seti D tukaiweka wiki ya pili, Jumatatu, ili zibaki siku za kuziba mashimo.

Kuhusu muda ndani ya chumba. Dakika 60 kwa maswali 40 ni dakika moja na nusu kila swali, lakini haziliwi sawasawa. Yale manane ya K3 yatakula dakika tatu na nusu kila moja, hizo ni 28. Yanabaki maswali 32 kwa dakika 32, moja kwa moja. Kwahiyo swali la K1 ukilitazama zaidi ya dakika moja unaiba muda wa jedwali la maamuzi. Chagua, liwekee alama, songa. Hamna kukatwa pointi kwa kukosea, kwahiyo usiache hata moja wazi. Na wewe unayefanya mtihani kwa lugha ambayo sio ya kwako, kuna asilimia 25 ya ziada, inakuwa dakika 75, ila liulizie wakati wa kubuki, usiende kuliulizia umeshakaa kwenye kiti.

Jioni ya mwisho kabla ya mtihani, yeye alifanya dakika 40 tu. Fomula ya makadirio mara moja, ile ya umri 18 mpaka 60 mara moja, alafu akapitia maneno aliyokuwa ameyawekea alama nyekundu, yalikuwa kumi na moja. Akafunga saa tatu na nusu. Alipata 34.

Mi nimemaliza, kuna mtu pale nyuma kanyosha mkono muda mrefu namuona. Karibu kaka, na kama ni swali la jedwali la maamuzi njoo hapa mbele na kalamu, hilo siwezi kulijibu kwa mdomo.